CPA au ACCA nikiwa Malindi: gharama kamili ni ipi, na nani anaweza kunifadhili?

Mwana_Ngomeni: Asalaam aleikum ndugu zangu. Ninataka kujiandikisha kabla mwaka haujaisha, na sijaamua kati ya CPA ya Kasneb, bodi yetu ya mitihani ya uhasibu hapa Kenya, na ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza. Nimeangalia ada za mitihani za pande zote mbili, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwamba ada ya mtihani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Ningependa kujua gharama yote inafikia wapi, kuanzia kujiandikisha hadi kuwa mwanachama, na kama kuna mfuko wowote unaoweza kunisaidia.

Hesabu_za_Pwani: Waleikum salaam, dada. Umeuliza bei bila kutuambia unachonunua. Je, una shahada au huna? Umeajiriwa au unasoma tu? Unakusudia kufanya kazi hapa nchini au Ghuba? Mambo hayo matatu yanaweza kubadilisha jibu mara mbili.

Kijana_wa_Maweni: Usipoteze muda, chukua CPA. ACCA haitambuliwi Kenya, huwezi hata kutia sahihi hesabu zilizokaguliwa.

Shela_Mhasibu: Si sahihi kabisa, kaka. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 haifungi mlango kwa mwenye ACCA. Anaweza kuomba uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, kwa masharti yake. Ni kweli kwamba bila uanachama huo na leseni ya utendaji hawezi kutia sahihi ripoti ya ukaguzi, lakini hata mwenye CPA hawezi. Tofauti ya kifedha ni kwamba mwenye ACCA anayebaki hapa huishia kulipa uanachama wa kila mwaka mahali pawili, na kila upande unadai saa za mafunzo endelevu. Gharama hiyo haimo katika bajeti za watu wengi, nayo haina mwisho.

Mama_Kadzo: Mwanangu, jaribu HELB. Binti yangu alipata mkopo wa chuo kikuu bila shida, ukijaza fomu mapema wanakupa na pesa za matumizi.

Hesabu_za_Pwani: Mama, huo ni mkopo wa shahada, naye anauliza juu ya cheti cha taaluma. Hata hivyo umegusa jambo la maana, kwa sababu HELB imekuwa na mkopo kwa wanafunzi wa Kasneb kwa ushirikiano na wakfu wa Kasneb. Ni mkopo, hurejeshwa.

Mwana_Ngomeni: Samahani, ningeeleza tangu mwanzo. Nina shahada ya biashara kutoka Chuo Kikuu cha Pwani. Nimeajiriwa idara ya hesabu katika kiwanda kimoja cha chumvi kaskazini mwa Malindi. Kazi ya Ghuba ningeipenda, lakini si lazima.

Hesabu_za_Pwani: Sasa tunaweza kuhesabu. ACCA ina mitihani 13. Mwenye shahada anaweza kusamehewa hadi tisa, kulingana na masomo aliyoyafanya, na hapo watu hufurahi wakidhani tisa hiyo ni bure. Kila msamaha hulipiwa ada. Unachookoa ni karo ya darasa, vitabu na safari. Kasneb nayo hulipisha misamaha kwa kila somo, lakini kwa shahada ya biashara misamaha yake kwa kawaida ni michache, kwa hiyo utabaki na mitihani mingi zaidi ya kukalia.

Pili, hesabu miaka, si mitihani tu. Kasneb hutaka usajili uhuishwe kila Julai. ACCA hudai ada ya mwaka ifikapo tarehe 1 Januari, bila kujali ulijiandikisha mwezi gani. Ukijiandikisha sasa, mwisho wa mwaka, utalipa usajili na baada ya muda mfupi ada ya mwaka itakuwa mlangoni. Mtu aliyebakiza mitihani minne na kufanya miwili kwa mwaka hulipa ada za miaka miwili; akishindwa mmoja, mwaka wa tatu unaingia, pamoja na ada ya mtihani wa marudio. Hata mwaka usiofanya mtihani wowote, ada hiyo hudaiwa.

Tatu, ACCA hutoza kwa paundi. Januari 2024 paundi ilipita shilingi 200, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka karibu na 165. Bili ya paundi 100 ilikuwa zaidi ya shilingi 20,000, kisha ikawa 16,500, na mtihani ni uleule. Weka akiba ya ziada kwa mtikisiko huo.

Baharia_wa_Mokowe: Mimi niko Lamu, na nitawaeleza jambo ambalo vitabu vya ada havina. Kila mtihani niliofanya Mombasa ulinigharimu takriban shilingi 8,500 kabla sijashika kalamu: boti ya kwenda na kurudi Mokowe 400, basi 3,400, malazi ya usiku mbili 3,000, na chakula 1,700. Kwa sababu hiyo sikalii tena somo moja kwa safari, ninakalia mawili.

Jambo la pili lilinichoma zaidi. Nilijiunga na chuo kimoja cha Mombasa, nisichotaka kukitaja, kilichotangaza bei moja inayojumuisha kila kitu. Nililipa karo pamoja na pesa za mtihani wa ACCA mapema, tena wakati dirisha la bei nafuu lilikuwa wazi. Chuo kilikaa na pesa zetu wiki baada ya wiki, kikatusajili katika dirisha la mwisho, ambalo ada yake ni kubwa zaidi, kisha kikatudai tofauti. Tuliouliza risiti ya ACCA tulioneshwa risiti ya chuo. Wawili kati yetu hawakuwa na pesa ya kuongeza, wakakosa mtihani wa Juni na kungoja Septemba, huku karo ya marudio ikianza upya. Tangu hapo ninalipia mtihani mwenyewe kupitia akaunti yangu, na chuo ninakilipa karo pekee.

Kijana_wa_Maweni: Kwa hiyo mnakubali CPA ni nafuu kuliko ACCA.

Shela_Mhasibu: Kwa ada peke yake, ndiyo. Kwa mtu mwenye misamaha tisa na mwajiri wa kumlipia, sina hakika. Dada, unataka bajeti ya mfukoni mwako au ya jumla? Nauliza kwa sababu wafadhili hawalipii vitu vilevile. Basari ya NG-CDF au ya kaunti kwa kawaida huja kama hundi kwa jina la chuo, ukiwa na barua ya kukubaliwa na orodha ya karo. Inaweza kufuta karo ya darasa, lakini haiwezi kulipa ada ya mwaka ya paundi. Mambo hayo yapangie mshahara wako.

Mwajiri wako naye usimsahau. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo kwa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kiwanda chenye wafanyakazi 120 hutoa 72,000 kwa mwaka, na kinaweza kuomba kurejeshewa sehemu ya gharama za mafunzo. Masharti ni kwamba mtoa mafunzo awe amesajiliwa na NITA, na idhini iombwe kabla kozi haijaanza.

Mwana_Ngomeni: Nimeuliza ofisini leo. Meneja anasema tozo hulipwa kila mwezi, lakini hakumbuki kama wamewahi kudai kitu. Anataka pia nisaini kwamba nitabaki kiwandani miaka mitatu wakinilipia. Je, mkataba wa namna hiyo unahesabiwaje nikishindwa mtihani?

Baharia_wa_Mokowe: Usisaini kabla hawajaandika kama pesa inarudishwa yote au inapungua kadiri miaka inavyopita.

Mama_Kadzo: Na mwanangu, waulize kama marudio pia wanalipa.

Kijana_wa_Maweni: Mimi bado nasema CPA.