Fenobabitoni 100 mg kila usiku: itarundikana mpaka wapi?

mwanafunzi_famasia: Wakuu, nimekwama. Mgonjwa wa kifafa, kilo 60, anameza 100 mg kila usiku. Nusu-uhai wa dawa ni siku 4, kwa hiyo kila siku inabaki 0.841 ya iliyokuwemo jana. Najumlisha napata 100, 184, 255, na bado inapanda. Mbona haipandi milele?

Kipeo: Hiyo 0.841 iko sawa. Sasa tazama kinachotoka: 15.9% ya kilichomo mwilini kila siku. Siku ya kwanza zinatoka mg 16 tu na zinaingia 100, lazima ipande. Akiba ikikua, kinachotoka nacho kinakua, mpaka kinafika 100 na kulingana na kidonge. Kanuni ya jumla inasema hilohilo, D ikiwa dozi na r ikiwa ile 0.841 inayobaki:

```
D + Dr + Dr² + ... = D/(1 − r) = 100/0.159 = 629 mg
```

Hiyo ni akiba mara baada ya kumeza. Kabla ya kidonge kinachofuata ni 529. Gawa kwa lita 36 ambamo dawa inasambaa mwilini (0.6 kwa kilo), unapata 17.5 na 14.7 mg kwa lita. Usikate 0.841 iwe 0.8, utaangukia 500: kosa dogo kwenye r linavimba ukigawa kwa 1 − r.

JuaKali77: Kwa kifupi, baada ya dozi tano imetulia.

Kipeo: Nusu-uhai tano, mkuu, si dozi tano. Dozi ya tano inamfikisha 364, yaani 58%. Siku ya 20 ndiyo inafika 97%.

mama_wawili: Samahani, mwanangu yuko kwenye amoksilini kila saa 8. Nikisahau moja, nimpe mbili pamoja?

Kipeo: Hapana dada, usimpe mbili, muulize mfamasia aliyekupa. Hiyo nusu-uhai wake ni kama saa moja tu, baada ya saa 8 imebaki 1/256. Hairundikani kabisa.

daktari_wa_zamu: Kosa la wodini liko hapa. Damu inachukuliwa siku ya 8, kabla ya dozi ya tisa, inasoma 11. Kiwango kinachotakiwa ni 15 hadi 40, basi mtu anaongeza dozi mara mbili. Kumbe 11 ile ilikuwa robo tatu ya safari. Kwa 200 mg kilele kitaishia 35, na mgonjwa anaweza kushinda amesinzia bila anayejua kwa nini. Tena hizo siku 4 ni wastani. Mwenye siku 3 ataishia 485 mg, mwenye siku 5 ataishia 773, kwa kidonge kilekile.

mwanafunzi_famasia: Sasa tutajuaje huyu ni wa siku ngapi? Na fenitoini tunaifanya hivihivi?

daktari_wa_zamu: Kwa kupima damu zaidi ya mara moja, na hata hapo ni makisio. Fenitoini usiiguse kwa kanuni hii. Vimeng'enya vya ini vikishajaa, inayobaki si sehemu ileile kila siku; r yenyewe inapanda pamoja na dawa.