Morse: nafasi za herufi na maneno mnazihifadhije? Mkwaju, sufuri na moja, au kupima muda?

Mwl_Rau
Wakuu habarini. Nipo Moshi, nafundisha sekondari. Vijana wa klabu ya kompyuta wanatengeneza mtambo mdogo: mmoja anabonyeza kitufe, taa inawaka upande wa pili wa ukumbi, na kompyuta inaandika maneno. Kugeuza herufi kuwa nukta na dashi kulitumalizia dakika ishirini tu. Kinachotutesa ni kimya. Juzi binti mmoja aliandika MTI, tukaunganisha alama zake bila kuacha nafasi, ikatoka `---..` na kompyuta ikajibu "8". Na haikukosea, 8 inaandikwa hivyo hivyo!

Nimeona njia tatu: nafasi kati ya herufi na mkwaju `/` kati ya maneno; mfululizo wa 1 na 0; au kuhifadhi urefu wa kila mbonyezo na kila kimya. Nishike ipi?

kijana_wa_Sakina
Mwalimu usijitese. Nafasi moja kati ya herufi, nafasi tatu kati ya maneno, halafu `split()`. Mkwaju wa nini? Mimi nimeitumia hiyo mwaka mzima.

fundi_Njiro
Kijana, hiyo mwaka mzima umekuwa ukisoma neno mojamoja, ndiyo maana hujaona. `split()` ya Python ikiachwa tupu inameza nafasi zote, ziwe moja au tatu, kwa hiyo MTI MREFU inarudi MTIMREFU. Ukiweka `split(" ")` inakupa vipande vitupu katikati, na kipande kitupu hakimo kwenye kamusi yako, programu inaanguka. Juu ya hayo, bandika ujumbe wako kwenye ukurasa wa wavuti uone: nafasi tatu zinaonekana moja.

Mkwaju hauna shida hizo. Hata kama maandishi yako yenyewe yana mkwaju haugongani, maana unageuka kuwa `-..-.` kabla.

```python
def ficha(s):
    return " / ".join(
        " ".join(KODI[h] for h in neno)
        for neno in s.upper().split())

def fumbua(m):
    return " ".join(
        "".join(HERUFI[k] for k in neno.split())
        for neno in m.split("/"))
```

Angalia mpangilio: kwanza unakata maneno kwa mkwaju, ndipo unakata herufi ndani ya kila neno. Hapo `split()` tupu inakuwa rafiki, kwa sababu nafasi za ziada hazina maana tena.

binti_kaloleni
Naongezea kitu kilichonipotezea jioni nzima. Simu yangu inabadilisha nukta tatu kuwa alama moja, na dashi mbili kuwa dashi moja ndefu. Kwa hiyo S na M zilikuwa hazisomeki kabisa, nikadhani kamusi ni mbovu. Pia jaribuni NG'OMBE. Ritifaa ina alama yake, `.----.`, lakini simu inaandika ile iliyopinda, nayo haimo kwenye kamusi. Safisha maandishi kwanza.

kijana_wa_Sakina
Sawa fundi, nimejaribu, umenishinda. Lakini naona 1 na 0 ndiyo safi zaidi, hakuna alama ya kubishania.

fundi_Njiro
Kwa kuwasha taa, ndiyo. Nukta ni pigo 1, dashi mapigo 3, kimya ndani ya herufi 1, kati ya herufi 3, kati ya maneno 7. MTI inakuwa

```
1110111000111000101
```

mapigo 19, unayasoma moja baada ya jingine na taa inafuata. Kosa la kawaida ni kuweka sufuri tatu baada ya kila herufi, halafu neno likiisha unaongeza saba. Zinakuwa kumi. Ongeza nne tu, tatu tayari zipo.

Ila mwalimu, hizo ni za kutuma. Kwa kupokea kutoka kwenye kidole cha mtoto, hakuna atakayekupa sufuri saba kamili. Hapo lazima upime muda. Tuma hapa namba za ile MTI.

mpagazi_Machame
Samahani wakuu, mimi napandisha wageni mlimani. Nilitaka tochi ya simu itume SOS, nukta zinapotea, dashi zinaonekana. Ni nafasi hizo hizo?

fundi_Njiro
Kaka, hapana, tochi ya simu inachelewa kuwaka. Refusha pigo, jaribu milisekunde 400. Ila umenikumbusha: SOS ya hatari hutumwa kama alama moja, `...---...`, bila kimya cha herufi katikati. Kamusi ya mwalimu itaikataa asipoiongeza peke yake.

Mwl_Rau
Hizi hapa, milisekunde. Mibonyezo: 320, 340, 300, 95, 110. Kimya kati yake: 120, 280, 560, 90. Programu yetu inasoma "MT I".

fundi_Njiro
Pigo lake ni kama 100. Mpaka wa nukta na dashi ni mapigo 2, yaani 200, hapo yuko salama. Mpaka wa herufi ni 2 vilevile, mpaka wa neno ni 5, yaani 500. Kimya cha 120 na 90 kipo ndani ya herufi, 280 ni cha herufi, 560 kimevuka. Binti hakukosea kubonyeza, alikuwa anakumbuka I inaandikwaje. Kwa wanaojifunza mkono unakimbia, kichwa kinachelewa, kwa hiyo usipime kimya cha neno kwa pigo la mkono. Sogeza mpaka hadi 9 au 10.

binti_kaloleni
Pigo lenyewe mnalipataje bila kuambiwa? Mimi nachukua wastani wa mibonyezo yote: juu ya wastani dashi, chini nukta.

fundi_Njiro
Dada, andika HII uone. Nukta tupu, nane. Tuseme 90, 85, 120, 95, kisha 118, 92, kisha 125, 88. Wastani ni karibu 102, na utasoma FNN. MOTO nayo ni dashi tupu, itapasuka vivyo hivyo.

Dawa: kama mbonyezo mrefu kuliko yote haujafika mara mbili ya ule mfupi, hesabu yote ni aina moja. Aina ipi? Linganisha na kimya kifupi kuliko vyote. Kikilingana na mibonyezo, ni nukta. Mibonyezo ikiwa kama mara tatu yake, ni dashi.

binti_kaloleni
Na mtu akituma TTT? Kimya chake kifupi ni mapigo 3, sawa na dashi. Kanuni yako itasema S.

fundi_Njiro
Itasema S, na haina namna. TTT ya haraka na S ya taratibu mara tatu ni kitu kilekile kwenye waya. Usubiri herufi zaidi.

Mwl_Rau
Nimeweka 9 leo mchana. MTI imetoka nzima, lakini wale wawili wenye mikono myepesi sasa maneno yao yanaungana. Nafikiria kitufe cha pili cha kumaliza neno.

kijana_wa_Sakina
Kitufe cha pili mwalimu? Hiyo si Morse tena, ni kibodi.

Mwl_Rau
Kibodi yenye funguo mbili, bei yake naimudu. Kesho nawajaribisha kwa njia zote mbili, nitaleta namba.