Eti "kazi yako kusaini, siyo kukagua"! Huyu mhasibu mnamjua nyote, njooni mnishikie nisije nikaharibu

Vumbi la Nkuhungu:

Mbukwenyi wakuu, sina muda wa salamu ndefu, nimetoka pale dirishani sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji jina ila wa Dodoma mnamjua, yule mhasibu wa miwani juu ya nywele, anayehesabu hela kama anatoa sadaka ya ukoo wake. Januari hii nimeongezwa posho ya nyumba laki na nusu, nikamwambia mama watoto mwezi huu tunakula kuku, slipu inakuja naona ongezeko lenyewe limeliwa nusu njiani. Nikaenda kwa heshima zote, "samahani kaka, hii PAYE mbona imeruka hivi?" Wakuu, foleni nzima ipo nyuma yangu, mlinzi yupo, mama anayetuletea chai yupo na daftari lake la madeni, jamaa anashusha miwani, ananiangalia toka viatu mpaka kichwa, anasema kwa sauti ya kipaza cha mnadani: "WEWE KAZI YAKO KUSAINI, SIYO KUKAGUA."

Kusaini siyo kukagua! Mshahara wangu! Halafu akaongeza eti nimeshaingia asilimia 30, nisiyetaka kodi nikatae nyongeza. Foleni ikacheka. Mama wa chai akacheka, na mimi ndiye ninayemdai chenji!

Picha ya slipu hiyo hapo chini, imekunjwa kidogo maana niliikunja kwa hasira. Mimi hesabu siyo fani yangu, ninachojua ni kwamba nimeambiwa kusaini siyo kukagua mbele ya watu kama mia tano hivi.

Debe Tupu:

Watu mia tano dirisha gani hilo, la SGR? 😂

Zabibu Mbichi:

Mkuu ungefunika jina na namba ya NSSF kabla ya kutupa picha humu, sasa hivi Dodoma nzima inajua unalipwa ngapi, subiri shemeji zako.

Vumbi la Nkuhungu:

Nimeshaibadilisha, nimefunika. Kusaini siyo kukagua… sijawahi kudharauliwa hivi toka nizaliwe.

Fundi Kalkuleta:

Nimekuza picha. Mshahara wa msingi 900,000, posho ya nyumba 150,000, usafiri 100,000, grosi 1,150,000. NSSF 115,000, Bodi ya Mikopo 135,000, PAYE 133,000. Sasa unalia nini wewe, kwa mshahara huo PAYE inatakiwa izidi hapo, wamekukata pungufu! Kasaini ndugu yangu, tena haraka kabla hajashtuka.

Debe Tupu:

😂😂😂 kasaini, usikague

Bibi Hesabu:

Wanangu tulieni. Nimekaa kwenye mambo ya mishahara toka slipu zinapigwa taipu, hebu tuisome hiyo picha vizuri kwanza. Mkunjo umepita juu ya tarakimu ya pili ya PAYE, ndiyo maana Fundi kaiona 3. Tarakimu iliyofutika usiikisie kwa macho, ishike kwa jumla. Chini ya slipu pameandikwa jumla ya makato 423,000 na hapo picha inasomeka safi. Toa 115,000 ya NSSF, toa 135,000 ya Bodi, inabaki 173,000. Na mkononi pameandikwa 727,000, ukijumlisha na 423,000 unarudi kwenye 1,150,000, kwa hiyo slipu yenyewe inajumlika. PAYE aliyokatwa ni 173,000, siyo 133,000.

Kujumlika tu siyo ushahidi kwamba ni sahihi lakini. Hata namba ya uongo inajumlika vizuri ikiwa kila mtu ameikubali. Sasa ndiyo tuje kwenye kodi.

Vumbi la Nkuhungu:

Bibi shikamoo! Endelea, mwambie huyo Fundi. Na uandike kwa herufi kubwa, nataka nikabandike pale dirishani aliponiambia kusaini siyo kukagua.

Fundi Kalkuleta:

Sawa nimeona mkunjo. Ila hata hivyo naikokotoa mimi: grosi toa NSSF, toa na Bodi, maana zote ni makato ya kisheria, inabaki 900,000. Kwenye jedwali la TRA 900,000 ipo daraja la 25, yaani 68,000 jumlisha 25% ya 140,000 iliyozidi 760,000, jumla 103,000. Kwa hiyo kaibiwa 70,000! Mwanangu nenda na polisi.

Bibi Hesabu:

Fundi nusu umepata, nusu umempeleka mwenzio kwenye aibu nyingine. NSSF ndiyo, inatolewa kabla ya kodi. Bodi ya Mikopo haitolewi kabla, ile ni deni lako unalipa kwa hela iliyokwisha kutozwa kodi. Ukienda dirishani na hiyo 103,000 yako, yule mwenye miwani atakucheka na safari hii atakuwa na haki.

Kinachotozwa kodi ni 1,150,000 toa 115,000, yaani 1,035,000. Sasa hiyo haipigwi 30% yote, inakatwa kwa ngazi, na jedwali limekuwa hivi toka Julai 2021 ile ngazi ya kwanza iliposhushwa toka 9 kuja 8. Hela ya chini mpaka 270,000 haiguswi. Toka hapo mpaka 520,000 ni 8%, inakuwa 20,000. Toka 520,000 mpaka 760,000 ni 20%, unapata 48,000. Toka 760,000 mpaka milioni ni 25%, hiyo 60,000. Kilichovuka milioni ni 35,000 tu, na hicho ndicho kinachopigwa 30%, yaani 10,500. Jumlisha zote, 138,500.

Mkononi ilitakiwa 761,500. Amepewa 727,000. Pengo 34,500.

Zabibu Mbichi:

Kwahiyo hiyo 173,000 kaitoa wapi? Kaota?

Bibi Hesabu:

Hajaota, jaribu hivi: chukua grosi nzima 1,150,000 bila kutoa NSSF, ipeleke kwenye jedwali. 128,000 jumlisha 30% ya 150,000, ambayo ni 45,000. Inatoka 173,000 kamili, bila shilingi kuzidi. Ndiyo maana napenda tofauti iwe na umbo. Pengo likiwa sawasawa na 30% ya NSSF (30% ya 115,000 ni 34,500) ujue mtu au mfumo umesahau kutoa mchango kabla ya kodi. Lingekuwa pengo la ajabuajabu ningesema labda kuna siku za utoro au advansi haijaandikwa.

Vumbi la Nkuhungu:

THELATHINI NA NNE ELFU MIA TANO. Kwa mwezi! Halafu mimi ndiye naambiwa kusaini siyo kukagua!! Wakuu mnaelewa alivyoshusha miwani? Aliishusha hivi, polepole, kama anaangalia mende.

Debe Tupu:

Hiyo ya "kataa nyongeza usiingie 30" je? Mjomba wangu alikataa kupanda cheo kwa sababu hiyo, yupo Majengo mpaka leo na daraja lake.

Bibi Hesabu:

Mpe pole mjomba. Hakuna ngazi ya PAYE inayokufanya urudi nyumbani na hela pungufu kuliko jana. Kabla ya posho ya nyumba mwenzetu alikuwa na grosi milioni moja, ikitozwa vizuri mkononi ni 662,000. Sasa ni 761,500. Katika laki na nusu aliyoongezwa, NSSF imechukua 15,000, TRA 35,500, 99,500 ni ya kuku. Ile 30% imegusa 35,000 ya juu, haikurudi chini kula hela ya zamani.

Mwalimu wa Kongwa:

Samahani naomba kuuliza, huyu mbona anakatwa 10% ya mfuko? Mimi PSSSF nakatwa 5% tu! Anaibiwa hapo, siyo kwenye kodi! Na yangu inatoka kwenye mshahara wa msingi, yake imetoka kwenye grosi yote!

Bibi Hesabu:

Mwalimu, wewe serikalini mwajiri anabeba 15 wewe 5, yeye sekta binafsi wanagawana 10 kwa 10. Jumla ni 20 ileile. Hajaibiwa hapo. Ila wewe ukikagua yako, toa hiyo 5 kabla ya kodi, usitoe ya bima ya afya wala ada ya chama cha wafanyakazi.

Mwalimu wa Kongwa:

Ada ya chama msinikumbushe! Sikuwahi kujaza fomu mimi, nakatwa 2% kila mwezi, nikiuliza naambiwa nimepewa tisheti ya Mei Mosi. Tisheti yenyewe ndogo, anavaa mtoto.

Kijana wa Ipagala:

Kwetu kwenye slipu kuna mstari umeandikwa SDL tunakatwa sisi, ni sawa?

Bibi Hesabu:

SDL ni tozo ya kuendeleza ufundi stadi, hailipwi na mfanyakazi, ni ya mwajiri, kama ilivyo ya WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Ukiiona kwenye upande wa makato yako piga picha, safari hii usiikunje.

Kijana wa Ipagala:

Aisee. Miaka yote hiyo tulikuwa tunadhani ni chai ya ofisini.

Fundi Kalkuleta:

Bibi swali la mwisho, hiyo 34,500 imeenda TRA au imeenda kwenye miwani?

Bibi Hesabu:

Hilo picha haisemi. Aombe aone mstari wake kwenye orodha ya PAYE iliyopelekwa TRA mwezi huo. Ikionyesha 173,000 basi ni kosa la ukokotoaji, na litakuwa limewapiga wenzake wote wenye NSSF, waende wote. Ikionyesha 138,500 na slipu inasema 173,000, hapo maswali mengine kabisa. Na Vumbi tafuta slipu ya Desemba, ukikuta PAYE ilikuwa 128,000 badala ya 103,000 ujue kosa halijaanza na posho.

Vumbi la Nkuhungu:

Desemba nilisaini tu sikupiga picha.

Debe Tupu:

Kwahiyo mhasibu alikuwa anakujua vizuri 😂😂😂

Vumbi la Nkuhungu:

Debe nakuomba usinianze. Foleni NZIMA, Debe. Mlinzi siku hizi ananisalimia "bosi wa kusaini".

Zabibu Mbichi:

Wenzenu angalau mna slipu. Mimi nalipwa kwa bahasha na kwenye bahasha pameandikwa "shukuru".

Kijana wa Ipagala:

Afadhali bahasha. Mwenye nyumba wangu huku Ipagala kasikia watu wameongezwa mishahara kapandisha kodi leo asubuhi, nikamwambia mimi sijaongezwa, akasema atanifikiria nikileta ya miezi sita kwa mpigo.

Mwalimu wa Kongwa:

Miezi sita bado wa Area C wanataka mwaka, tena choo cha nje. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha tu geti.

Debe Tupu:

Dalali wa Area C yule mwenye pikipiki nyekundu? Huyo ana deni langu, nipeni namba yake fasta kabla uzi haujafungwa