Nimekwama kupunguza melodi ya vipimo vinne: tabaka la nyuma lianzie so au mi?

Noti_Tupu: Wakuu, habari za muda huu. Nina melodi ya rafiki yangu, nataka kuichambua kwa njia ya Schenker, ile ya kuondoa noti za mapambo tabaka kwa tabaka mpaka ubaki mstari wa msingi: tabaka la mbele, la kati na la nyuma. Jumatatu naiwasilisha na usingizi umenihama. Kila kipimo kina mapigo manne:

mi fa so mi | so fa mi do | fa mi re ti | do

Ti ni ya chini. Tabaka la nyuma naona ni so fa mi re do. Niko sawa? Msinitukane.

Mapato_Halisi: Nimeona "kupunguza" nikakimbilia humu nikidhani ni kodi. Narudi zangu.

Tena_wa_Nyuma: Rahisi sana hiyo. Chukua noti ya pigo la kwanza la kila kipimo, nyingine futa. Unabaki na mi, so, fa, do. Lala.

Fundi_Kinanda: @Tena, pigo la kwanza lina uzito wa mdundo, hilo nakubali, ila cheo cha noti ni jambo jingine. Mstari wa nyuma unashuka hatua kwa hatua. Wewe umeruka kutoka fa hadi do, re umeitupa wapi? Mleta uzi, chini ya melodi kuna kodi zipi, zile noti za kupigwa pamoja? Bila besi tunapiga ramli.

Noti_Tupu: Swali langu ni la melodi tu, mkuu.

Fundi_Kinanda: Besi.

Noti_Tupu: Haya. Vipimo viwili vya kwanza kodi ya do, cha tatu kodi ya so yenye saba, cha nne do. Lakini nimeshachora kwa wino, na so ndiyo noti ya juu kuliko zote. Sikio linaenda hapo hapo.

Fundi_Kinanda: Kumbe ndilo ulilokuwa unaficha. Twende taratibu. Kipimo cha 1, fa inapita kati ya mi na so. Cha 2, fa inapita kati ya so na mi. Cha 3, mi haimo kwenye kodi ya so, inapita kati ya fa na re. Ondoa hizo tatu, kati ya noti 13 zinabaki 10.

Sasa la kati. Kwa vipimo viwili kodi haijabadilika, kwa hiyo so inapanda juu ya mi na kurudi, bado tuko nyumba ile ile. Do ya mwisho wa kipimo cha 2 ni sauti ya ndani, sawa na ti ya cha 3. Unabaki na mi, fa, re, do. Fa ni jirani wa mi, inaning'inia juu ya re. Iondoe nayo. Nyuma kabisa: mi re do, besi do so do.

Na huo mstari wako wa so, fa yake umeitoa wapi? Ya kipimo cha 2 haina kodi yake. Ya cha 3 inayo, lakini mi inayoifuata inaelea juu ya kodi ya so.

Mama_Alto: Kwaya yangu niliwagawa: nusu waimbe melodi nzima, nusu washike mi vipimo viwili, re, kisha do. Vilikaa pamoja kama chanda na pete. Tulipojaribu kuishikilia so mpaka kipimo cha 3, sauti ya tatu wakalalamika. Na wino, mwanangu, wino wa nini? Penseli ipo.

Jicho_la_Tatu: Samahani, huyu rafiki simwamini. Melodi imekaa sawasawa kama swali la mtihani, na kodi zinajulikana zote. Uzi wa kutunga huu.

Tena_wa_Nyuma: Hata mimi nilihisi. Rafiki hana hata jina!

Noti_Tupu: Sawa, nimeitunga mwenyewe. Ndiyo maana nabisha! Nilikusudia so iwe kichwa cha mstari. Mtunzi hajui alichotunga?

Fundi_Kinanda: Ulichokusudia kimo kichwani mwako, kwenye karatasi hakimo. Badilisha kipimo cha 2: besi do chini ya so, fa chini ya fa, kisha do chini ya mi. Hapo kila hatua ya so fa mi ina kodi yake, na re na do zinafuata kama zilivyo.

Jicho_la_Tatu: Japo Schenker mwenyewe alikubali mistari ya so ambayo fa yake haina kodi. Usimfungie mlango kabisa.

Fundi_Kinanda: Kweli, ila pale so inakuwa imeshikiliwa kwanza. Hii inatokea pigo la tatu, mi imeshakaa kitini.

Noti_Tupu: Nimeipiga na besi mpya. Fa imekuwa nzito ghafla. Lakini sasa mi ya mwanzo niifanyeje, ni ngazi ya kupandia so?

Mama_Alto: Kwanza kanunue penseli.