Tulikubaliana elfu 14 kwa gunia, nimeishia zaidi ya elfu 24! Wenye malori ya mboga Kasulu kwenda Mwanza mnatumaliza

MkulimaWaHeru:

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na uchungu, mtanivumilia.

Mimi nalima kabichi huku Heru Juu, Kasulu. Wiki mbili zilizopita nilivuna, nikatafuta gari la kupeleka Mwanza kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana kabichi. Dalali wa magari akaniambia ipo Fuso, inabeba gunia 110, nauli elfu 14 kwa gunia. Nikapiga hesabu, 1,540,000. Nikaona sawa, kwa bei ya Mwanza ya elfu 42 kwa gunia nitabaki na kitu.

Jumatatu jioni tukapakia. Gunia ya 84 ilipoingia bodi likajaa. Dereva akasema halibebi tena. Nikasema basi nalipa 84 mara elfu 14. Dalali akageuka palepale: "Wewe umekodi gari, hujakodi nafasi. Ni milioni moja na laki tano na arobaini, lijae lisijae." Jua limeshazama, kabichi zimekatwa tangu asubuhi, makuli wanadai chao, 84,000 ya kupakia. Ningefanyaje? Nikalipa. Hapo tayari gunia imefika elfu 18 na ushee kabla gari halijawaka.

Nikatangulia kwa basi. Gari nililitegemea Jumanne mchana, limeingia Jumatano saa kumi jioni, soko limeshalala. Tunafungua turubai nakuta gunia 20 za tangawizi zimepangwa nyuma kabisa. Si zangu! Gari nililoambiwa limejaa na nimelipia lote, dereva kasimama njiani kapakia mzigo wa mtu mwingine juu ya kabichi zangu. Kwa hiyo kwenye mizani ekseli ya nyuma ikazidi, wakaambiwa wapange upya. Usiku huo makuli wakakosekana, wakalala hapo hadi asubuhi, turubai limefungwa kote.

Niliingiza mkono kwenye gunia ya katikati nikautoa haraka. Joto lilikuwa kama la uji uliotoka jikoni sasa hivi, na maji ya kahawia yananitiririka hadi kwenye kiwiko. Gunia 13 zimetupwa. Nimeuza 71.

Bado hawajamaliza. Dalali amekata 60,000 anasema "ya kivuko". Kivuko kipi? Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, lori linapita juu ya ziwa bila kusubiri pantoni. Na dereva ananidai 150,000 ya faini ya mizani. Faini ya tangawizi nilipe mimi wa kabichi!

Jumlisheni wenyewe: nauli 1,540,000, kupakia 84,000, kushusha 42,000, hicho kivuko 60,000. Ni 1,726,000. Gawanya kwa gunia 71 zilizouzwa, ni elfu 24 na mia tatu. Hapo mbegu, mbolea na vibarua sijagusa. Huu ni usafirishaji au ni kunyang'anyana?

KijanaWaMwanga:

Pole sana kaka. Nenda LATRA kesho asubuhi. Wao ndio wanapanga nauli, na hakuna mtu anaruhusiwa kuzidisha. Mabasi wanapigwa faini kila siku kwa kosa hilohilo.

FusoNyekundu:

Mkuu, pole kwa hasara. Nimeendesha miaka mingi njia hiyo ya Kibondo, Nyakanazi, Geita, na sasa nina gari langu. Nitasema yote, hata yatakayokuudhi.

Kijana hapo juu, LATRA wanapanga nauli za abiria. Gari la mzigo wanalipa leseni, lakini bei ya kubeba ni mapatano yenu. Ndiyo maana mapatano yakiwa ya mdomo, mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Sasa swali kwako mwenye uzi. Gunia zako ulizijazaje? Ulishona mdomo, au uliongeza juu ya mdomo ukaweka kilemba?

MkulimaWaHeru:

Kilemba, kama kila mtu. Mwanza ukipeleka gunia iliyoshonwa sawasawa mnunuzi anaigeuza kwa mguu anasema hii ni kiroba. Nililazimika kupima moja kwa mnunuzi wangu, ilisoma kilo 105.

FusoNyekundu:

Hapo ndipo gunia zako 26 zilipopotelea. Dalali aliposema 110 alikuwa na gunia ya kilo 80 kichwani, iliyoshonwa. 110 mara 80 ni kilo 8,800. Za kwako 84 mara 105 ni kilo 8,820. Ni mzigo uleule! Gari limebeba uzito uleule, limekunywa mafuta yaleyale. Kilichobadilika ni ukubwa wa gunia. Kwa hiyo kwenye ile nauli ya kwanza hukuibiwa kwa uzito, ni kama shilingi 175 kwa kilo. Ulichofanyiwa ni kutajiwa bei kwa "gunia" bila kuonyeshwa gunia yenyewe. Mimi mkulima akinipigia simu, namwambia anitumie picha ya gunia moja imesimama pembeni ya mtu, ndipo nitaje bei.

Lakini ya tangawizi sikutetei dereva hata kidogo. Ukikodi gari zima, hata kuku haingii bila ruhusa yako. Tena alipanga kijinga. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, Fuso ya ekseli mbili inaruhusiwa tani 8 mbele na tani 10 nyuma kwenye matairi manne. Mzigo wako ulikuwa umekaa vizuri. Tangawizi ni nzito kuliko inavyoonekana, gunia 20 si pungufu ya tani moja na nusu, na akazirundika mkiani. Uzito wa mkiani wote unakwenda kwenye ekseli ya nyuma, tena unainyanyua ya mbele kidogo. Gari zima linaweza kuwa chini ya tani 18 na bado ukakamatwa kwa ekseli moja.

Na hiyo faini, mwambie akuonyeshe kontroli namba na risiti. Kama alipangiwa tu mzigo upya bila kulipa, hakuna faini. Kama alilipa, karatasi ipo.

BibiKaroti:

Samahani jamani, mimi niko Tabora, nilipeleka nyanya Dar mwezi wa nne. Nyanya ni tenga, wala si gunia, na tenga za chini zilipasuka zote. Kabichi huko Mwanza sasa hivi ni elfu 42 kweli? Nina shamba dogo naweza kubadilisha.

MkulimaWaHeru:

Dada, ilikuwa elfu 42 Alhamisi ile. Leo sijui. Ila hapa nalia na nauli, tafadhali.

Mzee FusoNyekundu, nimekuelewa kuhusu kilemba, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Lakini kuna kitu nilikisahau. Gunia zangu zilipofika zilikuwa na unga wa kijivu chini, nikadhani ni vumbi la barabara. Mnunuzi akaukwangua kwa kucha akasema hii ni saruji. Inamaanisha nini?

FusoNyekundu:

Inamaanisha gari lilileta saruji Kasulu na lilikuwa linarudi kwao. Kwenda kulishalipwa na mwenye saruji. Hilo tunaliita gari la kurudi, na bei yake si sawa na gari unaloliita kutoka Mwanza lije tupu kukufuata.

Angalia. Kasulu hadi Mwanza ni karibu kilomita 500. Fuso iliyobeba inakwenda kilomita tatu na nusu hadi nne kwa lita, kwa hiyo weka lita 130 hadi 140. Hata dizeli ikiwa 3,000 kwa lita haifiki laki nne na nusu. Weka posho ya dereva na utingo, matairi, faida ya mwenye gari. Ukimwita aje tupu, mafuta ni mara mbili na milioni moja na nusu inaeleweka. Kwa gari la kurudi, mimi ningekubeba kwa milioni moja, labda na laki moja juu, na ningeshukuru kwa sababu vinginevyo narudi na hewa. Hiyo tofauti nahisi haikumfikia hata mwenye gari. Dalali alimwambia bei nyingine na wewe nyingine.

Siku nyingine muulize dereva mwenyewe, siyo dalali: umeleta nini, unalala wapi? Au chungulia bodi kabla hamjafagia.

Mpakiaji wa zamani:

Niongeze kwenye kuoza. Hata bila kulala mizani, kabichi iliyokatwa asubuhi ikapakiwa ikiwa bado na joto la jua, ukaifunika turubai pande zote, inajipika yenyewe. Sisi tulikuwa tunaacha mwanya mbele karibu na kabini na nyuma, turubai linafunika juu tu, na katikati tunasimamisha mabua ya mahindi ili hewa ipite. Gari likitembea upepo unaingia. Likisimama kwa muda wa saa kumi na mbili na turubai limefungwa, katikati kunakufa kwanza. Ndiyo maana hizo 13 zako nadhani zote zilitoka katikati.

MkulimaWaHeru:

Zote, isipokuwa mbili. Turubai alilifunga dereva, akasema anaogopa mvua ya Geita.

KijanaWaMwanga:

Lakini lumbesa si imekatazwa? Wakala wa Vipimo wanasema mwisho kilo 100 kwa gunia. Naona mwenye uzi naye akienda kushtaki atakamatwa yeye.

FusoNyekundu:

Kilo 100 ni kweli. Lakini hilo halimfuti dereva kosa la tangawizi, ni mambo mawili tofauti. Mimi ningedai vitu viwili tu, elfu sitini ya kivuko na gunia 13. Nauli ya kwanza ningeiacha.

MkulimaWaHeru:

Siiachi. Gari la kurudi nimeuziwa kwa bei ya gari la kuita, na nafasi niliyoilipia imeuzwa mara ya pili. Nimempigia mwenye gari leo saa tisa, namba iliandikwa mlangoni. Amesema yeye alipokea 1,050,000, na habari za tangawizi hazijui kabisa. Amenyamaza muda mrefu kwenye simu. Kisha akaniomba picha za gunia zilizooza, nimemtumia zote. Dalali hapokei tangu jioni.

Na sasa hivi mwenye tangawizi naye amenitumia meseji, sijui namba yangu kaipata wapi. Anasema kabichi zangu zimelowesha gunia zake mbili, anataka nimlipe.