Nani aliomba kikasha changu kigawanywe? Mkataba umelala siku tisa kwenye Other

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Juzi napigiwa simu na ofisi moja niliyoomba kazi ya muda. Dada wa watu ananiuliza kwa upole, "Kwa hiyo uliamua kutoichukua ile nafasi?" Nikadhani ananitania. Nafasi ipi tena, wakati kila nusu saa nafungua barua pepe kuisubiri? Akasema mkataba walinitumia siku tisa zilizopita, na nilitakiwa kuusaini ndani ya siku saba. Nafasi kapewa mtu mwingine.

Nikakimbilia Junk. Hamna. Deleted Items, hamna. Nikaandika jina la ile ofisi kwenye sehemu ya kutafutia, na huo hapo, maandishi yamekolezwa kuonyesha haujasomwa, na pembeni umeandikwa uko Inbox. Inbox! Hiyo hiyo niliyoikodolea macho siku tisa!

Ndipo nikaona juu ya orodha kuna maneno mawili madogo, Focused na Other. Mimi muda wote nipo Focused, barua yangu ipo Other. Sikumbuki kuombwa ruhusa. Na kinachoniuma zaidi, upande wa kushoto namba ya barua zisizosomwa ilikuwa 41, ilhali kila ninachokiona kwenye orodha nimeshakisoma. Nikawa najiambia hesabu imekwama tu, itakaa sawa yenyewe.

Natumia Outlook kwenye kompyuta na kwenye simu. Nataka kitu kimoja: hili linazimwaje, lizimike kabisa? Msiniambie nilifundishe. Sina muda wa kufundisha mashine kusoma barua zangu.

Kalamu_Kavu:
Pole sana mkuu. Hilo ni suala la spam. Nenda kwenye orodha ya Safe Senders, muongeze mtumaji, haitatokea tena. Mimi nilifanya hivyo mwaka jana na nimetulia.

Fundi_Seva:
Kalamu_Kavu, umegusa ukweli nusu. Safe Senders inamzuia mtumaji asitupwe Junk. Focused na Other ni mchujo mwingine unaokuja baadaye, kwa barua ambazo tayari zimeshakubaliwa kuingia. Mtumaji anaweza kuwa kwenye orodha yako ya kuaminika na bado akaangukia Other.

Mleta uzi, namba yako 41 haikukwama. Other siyo folda. Barua zote ziko kwenye folda moja ya Inbox, ila orodha unayoitazama inaonyesha fungu moja tu. Folda inahesabu mafungu yote mawili. Ndiyo maana hata kutafuta kulikupa jibu mara moja. Ukiona hesabu ya folda inasema kuna zisizosomwa na wewe huzioni, hiyo ndiyo dalili, angalia Other kwanza kabla ya kwingine kokote.

Swali: huo mkataba ulitumwa na yule dada mwenyewe, au na mfumo?

Mleta uzi:
Nimeangalia. Ni anwani inayoanza na noreply, ya huduma ya kusaini nyaraka. Jina la ofisi limo kwenye kichwa cha barua tu.

Fundi_Seva:
Basi hapo ndipo ulipoponzwa. Mchujo huu unatazama unawasiliana na nani, na barua yenyewe imekaaje. Barua zinazotengenezwa na mfumo au kutumwa kwa wingi husukumwa Other. Anwani hiyo hujawahi kuiandikia, hujawahi kuijibu, na barua ina kitufe kikubwa katikati kama tangazo. Kwa macho ya mashine haina tofauti na jarida la punguzo la bei. Ubaya ni kwamba mkataba, tiketi, namba ya kuthibitisha akaunti, vyote huja kwa sura hiyo hiyo.

Kuzima sasa. Kama Outlook yako ni ile ya zamani ya Windows, fungua View, bofya Show Focused Inbox mara moja. Ni kitufe cha kuwasha na kuzima. Utajua imezimika ukiona juu ya orodha yale maneno mawili yamebadilika kuwa All na Unread. Kama ni Outlook mpya au unafungulia kwenye kivinjari, bofya gurudumu la mipangilio, ingia Mail, kisha Layout. Chini ya Focused Inbox kuna machaguo mawili, chukua linaloanza na Don't sort, halafu Save. Wengi wanaisahau Save, wanafunga dirisha, kesho wanarudi kulalamika.

Simu ni kazi ya peke yake. Gusa picha ya akaunti juu kushoto, ingia mipangilio, tafuta Focused Inbox, zima. Ukiwa humo humo pitia Notifications, uhakikishe arifa haziji kwa ajili ya Focused pekee. Nadhani ndiyo sababu simu yako ilikaa kimya siku tisa.

Binti_wa_Ripoti:
Mimi nina Gmail na ninavyo vichupo vitano, Promotions sijui Updates. Ni kitu hicho hicho? Risiti zangu zote zinakwenda Updates na bosi anasema sijibu.

Fundi_Seva:
Wazo ni moja, vitufe ni tofauti. Kwenye kompyuta fungua mipangilio yote, nenda Inbox, kwenye Categories ondoa tiki zote ibaki Primary. Ila bosi wako kama anakuandikia mwenyewe sidhani kama anaangukia Updates. Hapo chunguza kwingine.

Kimya_Kimya:
Wengine tunaupenda mgawanyo. Napokea barua 200 kwa siku, bila Other ningekuwa nimeshaacha kazi. Bonyeza kulia kwenye barua, chagua Always Move to Focused, mtumaji huyo hakusumbui tena.

Mleta uzi:
Kimya_Kimya, ili nibonyeze kulia kwenye barua lazima kwanza niione. Na mtumaji wa mara ya kwanza nitamwekea kanuni lini, kabla hajaniandikia?

Kimya_Kimya:
Hapo umenishika.

Msimamizi_wa_Zamu:
Kwa wenye kusimamia barua pepe za ofisi: sisi tulichoka na simu za aina hii, tukazima kwa wote kwa mstari mmoja wa PowerShell.

```
Set-OrganizationConfig -FocusedInboxOn $false
```

Ila jueni haimzuii mtu kuiwasha tena mwenyewe kwenye programu yake. Wapo walioiwasha kesho yake.

Mwanagenzi77:
Mimi kwenye View hicho kitufe hakipo kabisa. Akaunti yangu ni ya IMAP. Na barua bado zinapotea.

Fundi_Seva:
Kwa IMAP kwenye Outlook ya zamani hakitakuwepo, mgawanyo huo hauko kwa akaunti za aina hiyo. Zako zinapotelea mahali pengine. Angalia Rules, na kama simu yako ina programu nyingine inayozihamisha. Fungua uzi wako, huu tusiuchanganye.

Mleta uzi:
Mrejesho. Nimezima kwenye kompyuta, All na Unread zimetokea, zile 41 zimejipanga katikati ya nyingine kwa tarehe. Dakika kumi baadaye nafungua simu, Focused na Other bado zipo, kama hakuna kilichofanyika. Nimezima na huko.

Kalamu_Kavu:
Ajabu, kwangu nilipozima kwenye kivinjari na simu ikafuata.

Mleta uzi:
Kwangu haikufuata. Kila mtu aangalie ya kwake kwa macho. Nimefika barua ya 19, na hapa kuna moja ya wiki tatu zilizopita inaniuliza kama nitahudhuria usaili wa kazi nyingine. Ngoja niwapigie.