Kiingereza cha kikaoni: ni ratiba gani ya wiki itakayodumu?

Mhasibu wa Langoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni mhasibu msaidizi katika hoteli moja ya Shela, nina umri wa miaka 37, na Kiingereza nilikisoma shuleni kama Mkenya mwingine yeyote. Barua pepe naandika na taarifa nasoma bila taabu. Taabu yangu ni kikao cha mwisho wa mwezi, ambapo wenye hoteli huungana nasi kwa video na kutaka waelezwe kwa nini dizeli ya jenereta imepanda au mapato ya vyumba yameshuka. Hapo maneno hunitoroka, mhasibu mkuu hudakia kwa nia njema, nami hubaki nikitikisa kichwa. Yeye anastaafu mwakani, na nimeambiwa waziwazi kwamba nafasi hiyo haitakuwa yangu nisipoweza kuendesha kikao mwenyewe.

Mwaka jana nilijiandikisha masomo ya mtandaoni ya saa mbili kila usiku. Wiki ya tatu ikakutana na kufunga hesabu za mwezi, nikakosa siku nne mfululizo, na aibu ya kurudi ikanishinda. Nilichonacho kwa hakika ni safari ya boti asubuhi na jioni, nusu saa baada ya isha siku tatu hivi, na Jumapili asubuhi. Naomba ratiba ya mtu mwenye kazi na watoto, si ya mwanafunzi wa bweni.

Nahodha wa Mambrui
Dada, unajitesa bure. Mimi Kiitaliano nilikipata Malindi bila daftari wala mwalimu, kwa kuwapeleka wageni baharini na kuongea nao kutwa nzima. Tupa sarufi, ongea na kila mgeni anayepita hapo hotelini, na baada ya miezi sita utatushangaza.

Maalim wa Gede
Nahodha amesema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba ulimi haulainiki kwa kusoma sheria za sarufi. Lakini yeye alihitaji lugha ya kupatana bei na kuonyesha samaki, na aliisema mara ishirini kwa siku. Wewe unahitaji kueleza hesabu mara moja kwa mwezi, na hakuna mgeni atakayekuuliza habari za dizeli ufukweni. Isitoshe, mtu mzima anayesema tu bila kurejea makosa yake huyazoea hadi yakaganda, na wasikilizaji huacha kumsahihisha maadamu wanamwelewa.

Nimewafundisha watu wazima kwa miaka mingi, na ninaloshauri ni wiki nzima kuzunguka jambo moja tu la kazini. Tuchukue hiyo dizeli. Tuseme ilikuwa shilingi 180,000 mwezi uliopita na sasa ni 207,000. Baada ya isha, siku ya kwanza, andika aya moja ya kueleza kilichotokea, isizidi sentensi nane. Siku ya pili, isome kwa jicho la mkaguzi na utafute kosa la aina moja tu. Katika hesabu, kosa linalowaangusha Waswahili wengi ni kuchanganya vihusishi vya «kwa» na «hadi»: ukitaka kusema gharama imeongezeka kwa 27,000 ukatumia kihusishi cha «hadi», mwenye hoteli atasikia kwamba dizeli yote sasa ni 27,000, na atakuuliza swali usilolitarajia. Kosa jingine la kutazamwa wiki nyingine ni wakati wa kitenzi, na jingine ni kumwita meneja mwanamke kwa kiwakilishi cha mwanamume, kwa kuwa «yeye» yetu haibagui. Siku ya tatu, toa katika aya hiyo sentensi tano zilizonyooka na uziandike kwenye vikaratasi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ziwe sentensi nzima, si neno mojamoja, maana neno peke yake halikwambii linafuatana na kihusishi gani. Vikaratasi hivyo ndivyo vya boti ya asubuhi: virudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Boti ya jioni iwe ya kusikiliza tu. Chagua mazungumzo mafupi ya biashara ambayo unayaelewa karibu yote. Ukijikuta unakisia kila sentensi, hayo ni mazito mno kwako kwa sasa, na unachofanya ni kufumbua mafumbo badala ya kujifunza.

Jumapili ndiyo nguzo. Eleza habari ya dizeli kwa sauti kwa dakika 4 huku simu ikirekodi, bila kusoma popote. Sikiliza rekodi, usahihishe lile kosa la wiki, kisha eleza habari ileile kwa dakika 3, na mwisho kwa dakika 2. Usiruke ule usikilizaji wa katikati, kwa sababu anayerudia bila kusahihisha huongeza kasi ya kosa pamoja na kasi ya ulimi. Kipimo chako kiwe vile vituo vya kimya: vihesabu katika rekodi ya kwanza na ya mwisho.

Wiki ya kufunga hesabu, acha yote isipokuwa vikaratasi na Jumapili. Siku iliyokupita usiilipe; madeni ya namna hiyo ndiyo yaliyokutoa mwaka jana.

Muuguzi Malindi
Kwa uzoefu wangu, anza na mazoezi ya mtihani wa IELTS. Mimi ninaomba usajili wa uuguzi Uingereza, ambako wanataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Matokeo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo usichelewe.

Maalim wa Gede
Muuguzi, wewe unadaiwa cheti na ratiba yako ni sahihi kwa safari yako. Bi Mhasibu hakuna aliyemwomba cheti.

Mkaaji wa Mkomani
Maalim, naafikiana nawe isipokuwa kwenye simu. Simu haikukatizi wala haikukunjii uso, na kinachomtisha dada yetu ni nyuso. Mimi ningemwomba mhasibu mkuu aniachie kipengele kimoja tu kikaoni, dizeli peke yake, na anyamaze hata nikikwama.

Maalim wa Gede
Si vibaya, lakini mimi singeanza na mwajiri. Akikwama mbele ya wenye mali mara mbili, huenda wakaamua kabla hajaiva. Ningemtafuta mfanyakazi mwenza kwanza.

Mhasibu wa Langoni
Nimerudi baada ya Jumapili tatu. Ya kwanza nilihesabu vituo 23 katika zile dakika 4, na nilipofika dakika 2 vilikuwa 6. Wiki ya pili nilifunga hesabu, nikabaki na vikaratasi na Jumapili tu, na kwa mara ya kwanza sikujiona mtoro. Kosa la «kwa» na «hadi» nilikuwa nalo hasa. Nimelikuta hata katika taarifa nilizoandika mwaka jana na hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwa mfanyakazi mwenza nimeshindwa. Nilimjaribu wa mapokezi, tukacheka wote wawili, na wa jikoni wakaanza kuniita Mzungu. Mhasibu mkuu amekubali kuniachia dizeli mwezi huu, ila hakuahidi kunyamaza. Maalim, je, wenye hoteli wakiniuliza swali nje ya aya yangu, nijibu papo hapo kwa Kiingereza kibovu au niombe nafasi ya kuwaandikia?

Maalim wa Gede
Andaa maswali matatu unayodhani watauliza, na Jumapili hii yajibu hayo badala ya kurudia maelezo. La nne likija, waombe walirudie polepole. Hiyo nayo ni sentensi ya kuweka kwenye kikaratasi.